Ukurasa Mmoja wa Kamati ya Maji

Leo nazungumza hasa na makatibu na wahasibu wa kamati za maji vijijini, na yeyote anayebeba taarifa ya mwezi kwenda nayo kikaoni. Wewe unayehudumia kamati ya shule, ya zahanati au ya chama cha akiba na mikopo, kaa nasi pia, kwa kuwa kazi ni ileile, vipimo tu ndivyo vinavyobadilika.

Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, miradi mingi ya maji vijijini hapa Tanzania iko mikononi mwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, chini ya uangalizi wa RUWASA. Chombo kina kamati, na kamati hukutana. Katibu anasoma taarifa: mita kubwa ya kisimani imesoma kiasi hiki, kilula namba moja kimeuza kiasi hiki, namba mbili kiasi hiki, pampu ilisimama siku mbili, benki kuna kiasi hiki. Wajumbe wanasikiliza na kutikisa vichwa. Takwimu zote zimesemwa, na hakuna aliyejua kama mwezi ulikuwa mzuri au mbaya. Mjumbe hawezi kulinganisha kichwani uniti 1,426 za Agosti na uniti 1,260 za Septemba, tena akakumbuka kwamba Agosti ina siku 31 na Septemba 30, wakati katibu ameshafika kwenye bei ya dizeli.

Ninachopendekeza ni karatasi moja ya A4, upande mmoja, iliyotengenezwa kwenye lahajedwali. Programu iwe Excel, iwe Google Sheets, iwe LibreOffice Calc, zote tatu zinaweza. Juu kuna jedwali dogo la vipimo vitano, katikati kuna grafu moja ya mistari, chini yake grafu ya nguzo ya vilula, na mwisho kabisa mistari mitatu ya maneno. Jedwali lina rangi zinazojipaka zenyewe kufuatana na masharti, kwenye skrini utakuta panaitwa Conditional Formatting. Rangi inamwonyesha mjumbe pa kutazama. Grafu inamwambia jambo lilianza lini na linaelekea wapi. Ukizichanganya kazi hizi mbili, ukurasa utapendeza macho na hautasaidia uamuzi.

Tuchukue mfano wa mradi mmoja, wa kubuni lakini wa kawaida kabisa. Una kisima kirefu, pampu, tangi juu ya mlima, na vilula 12. Kila kilula kina mita yake na mhudumu wake. Uniti moja, yaani lita 1,000 au ndoo 50 za lita 20, inauzwa shilingi 2,000. Kipimo kinachonikera nisipokiona kwenye taarifa ya kamati ya maji ni kimoja, nacho ni upotevu: maji ambayo pampu imeyasukuma, umeme au dizeli imelipiwa, lakini hayakuuzwa popote. Vipimo vingine vinne nitavipitia haraka: makusanyo ya fedha ukilinganisha na maji yaliyouzwa, siku ambazo pampu haikufanya kazi, vilula vilivyofungwa, na salio la mfuko wa matengenezo. Upotevu ndio nitakaokaa nao, kwa sababu hapo ndipo ukurasa huu unapothibitisha kazi yake.

Kabla ya rangi yoyote, takwimu zikae mahali pake. Tengeneza ukurasa wa kwanza wa faili, uuite Takwimu, wenye mstari mmoja kwa kila mwezi. Safu A ni mwezi pamoja na mwaka. Safu B ni tarehe ambayo mita kubwa ilisomwa, na safu C ni namba iliyosomwa kwenye mita hiyo. Safu D ni tarehe vilula vilipomaliza kusomwa, na E ni jumla ya uniti vilizouza tangu usomaji uliotangulia. Hizi ndizo unazoandika kwa mkono. Zinazofuata zinakokotolewa.

Utaniuliza, kwa nini tarehe mbili? Hapa naomba unisikilize vizuri. Fundi anasoma mita kubwa tarehe 30 Septemba. Lakini vilula viko mbalimbali, na mhasibu anataka kufunga hesabu mapema, kwa hiyo vilula vinasomwa tarehe 26. Tuseme mwezi uliopita mita zote zilisomwa siku ya mwisho wa mwezi, na mradi uko salama, pampu inasukuma uniti 58 kwa siku na vilula vinauza 46. Mita kubwa itaonyesha siku 30, yaani uniti 1,740. Vilula vitaonyesha siku 26, yaani uniti 1,196. Ukitoa moja kwa nyingine, upotevu unakuwa asilimia 31, ilhali ukweli ni asilimia 21 hivi. Kamati itamkamata fundi kwa bomba ambalo halijapasuka. Mwezi unaofuata, vilula vikisomwa baada ya siku zaidi, upotevu utashuka ghafla, na kila mtu atadhani fundi amejirekebisha. Upotevu unaopanda mwezi huu na kushuka mwezi ujao, kisha ukapanda tena, mara nyingi ni kalenda ya kusoma mita.

Dawa yake ni kugawa kila namba kwa siku zake yenyewe. Safu F itakuwa uniti zilizosukumwa kwa siku, G uniti zilizouzwa kwa siku, na H upotevu. Tuseme Septemba iko mstari wa 15 na Agosti mstari wa 14. Chukua kalamu, fomula za mstari wa 15 ni hizi:

```
F15:  =IF(COUNT(B14:C15)<4,NA(),(C15-C14)/(B15-B14))
G15:  =IF(COUNT(D14:D15,E15)<3,NA(),E15/(D15-D14))
H15:  =(F15-G15)/F15
```

Kwenye kompyuta nyingine, kutegemea lugha iliyowekwa, alama ya mkato ndani ya fomula hubadilishwa na nukta-mkato. Ukiona fomula inakataliwa tangu mwanzo, jaribu hilo kwanza.

Sehemu ya COUNT inaonekana kama pambo, lakini ndiyo inayolinda ukurasa mzima. Inahesabu namba halisi. Kama fundi hakuleta usomaji, au kama mtu ameandika «uniti 1260» kwa maneno na namba pamoja, kisanduku hicho hakihesabiwi kuwa namba, na fomula inatoa #N/A badala ya jibu. Bila ulinzi huo, lahajedwali hukichukulia kisanduku kitupu kuwa sifuri. Maandishi nayo, yakilinganishwa na namba, huhesabiwa kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Matokeo yake ni kwamba taarifa ambayo haijaletwa inaweza kupata rangi ya mwezi mzuri kuliko yote. Dalili ya namba iliyoingia kama maandishi ni kwamba inakaa upande wa kushoto wa kisanduku, wakati namba halisi hujipanga kulia.

Pia kule kugawa kwa siku kunaondoa uonevu wa Februari. Februari ya siku 28 huuza kama asilimia 10 chini ya Januari hata kama hakuna kilichobadilika, na kila mwaka kuna kikao kinachotafuta mchawi wa Februari.

Sasa tuingie ukurasa wa pili wa faili, ule utakaochapwa. Uuite Ukurasa. Kwenye kisanduku B2 andika mwezi wa taarifa, kwa namna ileile ulivyouandika kwenye safu A ya Takwimu. Jedwali lina safu sita: kipimo, mwezi huu, mwezi uliopita, lengo, kikomo, na hali. Safu ya mwezi huu inavuta jibu kutoka Takwimu kwa mwezi uliouandika B2, hivi:

```
=INDEX(Takwimu!H:H,MATCH($B$2,Takwimu!A:A,0))
```

Hivyo mwezi ujao unabadilisha kisanduku kimoja tu, na jedwali linageuka. Usinakili namba kwa mkono kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, hata kama ni tano tu.

Nataka nizungumzie lengo na kikomo, maana hapo ndipo kompyuta inaishia na kamati inaanza. Lengo ni kiwango ambacho mkikifikia hakuna la kujadili. Kikomo ni kiwango ambacho mkikivuka lazima hatua ichukuliwe. Katika mfano wetu kamati imekubaliana kwamba lengo la upotevu ni asilimia 20 na kikomo ni asilimia 25. Makusanyo, lengo ni asilimia 95 ya maji yaliyouzwa na kikomo ni 85. Namba hizi zipigiwe kura kikaoni, ziandikwe kwenye muhtasari, na zionekane kwenye karatasi yenyewe. Nimeona faili ambazo viwango vimefichwa ndani ya kanuni ya rangi, na aliyezitengeneza ameshahama. Rangi nyekundu inawaka na hakuna anayejua nani aliamua kwamba hapo ni pekundu. Rangi ya namna hiyo haina nguvu mbele ya mjumbe anayebisha. Lakini mjumbe akiona kikomo cha asilimia 25 alichokipigia kura mwenyewe mwezi Januari, mazungumzo yanahamia kwenye bomba.

Safu ya hali inaandika neno. Fomula ifuatayo inafahamu pande zote mbili, kwa sababu kuna vipimo ambavyo kupungua ndio uzuri, kama upotevu, na vingine kuongezeka ndio uzuri, kama makusanyo. Inatazama tu lengo na kikomo kipi ni kidogo:

```
=IF(NOT(ISNUMBER(B5)),"HAKUNA",
 IF(D5<E5,
  IF(B5<=D5,"SAWA",IF(B5<=E5,"ANGALIA","HATARI")),
  IF(B5>=D5,"SAWA",IF(B5>=E5,"ANGALIA","HATARI"))))
```

Taarifa isipoletwa, neno ni HAKUNA. Nalipenda neno hilo likae wazi mbele ya kamati, kwa kuwa taarifa isiyokuja ni jambo la kujadiliwa sawa na taarifa mbaya.

Baada ya neno ndipo rangi. Vipimo vyetu vitano viko mstari wa 5 hadi wa 9. Anza na kisanduku A5, buruta hadi F9, kisha katika Excel fuata Home, Conditional Formatting, New Rule, halafu Use a formula to determine which cells to format. Katika Google Sheets ni Format, Conditional formatting, na chini kabisa ya orodha Custom formula is. Andika kanuni tatu, kila moja na rangi yake:

```
=$F5="HATARI"
=$F5="ANGALIA"
=$F5="HAKUNA"
```

Alama ya dola mbele ya F inashikilia safu isihame: kila kisanduku cha mstari, kiwe A au C, kinatazama neno lililoko F. Namba 5 haina dola, hivyo mstari wa 6 utatazama F6, wa 7 utatazama F7. Ukiweka dola pande zote mbili, mistari yote mitano itafuata hali ya upotevu peke yake, itakuwa myekundu yote au myeupe yote. Ukisahau dola kabisa, kwenye kila mstari ni kisanduku cha mwanzo tu ndicho kitakachoweza kupata rangi. Na kama rangi zinatokea, ila zimekaa juu au chini ya pale zinapostahili, basi ulipochagua eneo ulianzia chini kwenda juu, au ulianza kwenye kichwa cha jedwali. Kanuni huandikwa kwa macho ya kisanduku ulichoanzia.

Kwa rangi zenyewe nina msimamo. HATARI iwe nyekundu iliyokolea yenye maandishi meupe mazito. ANGALIA iwe njano hafifu. HAKUNA iwe kijivu. SAWA iachwe nyeupe, bila kijani. Wengi hawaridhiki na hili, wanasema kijani kinatia moyo. Lakini karatasi nyingi za kamati hupigwa fotokopi, nyeusi na nyeupe, na kwenye fotokopi nyekundu na kijani vinaweza kutoka na kijivu kinachofanana kabisa. Pia wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani, na huenda mmoja wao yuko kwenye kamati yako bila mtu kujua. Nyekundu iliyokolea inatoka nyeusi kwenye fotokopi, njano inatoka karibu na nyeupe, na neno HATARI linasomeka kwa vyovyote. Kabla ya kikao chapa nakala moja kwa rangi nyeusi peke yake, umpe mtu asiyeijua, umuulize ni mstari gani una tatizo. Akisitasita, rudi kwenye rangi.

Tunasoma sasa Septemba ya mradi wetu. Pampu ilisukuma uniti 60 kwa siku. Vilula, vilivyosomwa siku moja na mita kubwa, viliuza 42. Upotevu ni asilimia 30, mwezi uliopita ulikuwa 20.7. Mstari umewaka, HATARI. Makusanyo ni asilimia 88, yako njano. Mengine matatu ni meupe. Mjumbe aliyechelewa kikao, aliyeketi nyuma, ambaye hata miwani amesahau, anajua pa kuuliza.

Rangi imemaliza kazi yake hapo. Haijui kwamba Julai upotevu ulikuwa asilimia 19 na Agosti 21, wala haijui kama tatizo liko kwenye pampu, kwenye bomba au kwenye mauzo. Mama Mwenyekiti anauliza, «Katibu, maji yanapotelea wapi?» Hapo macho yanashuka kwenye grafu.

Grafu ya katikati ni ya mistari miwili, miezi 13. Mstari wa juu ni uniti zilizosukumwa kwa siku, safu F. Wa chini ni zilizouzwa kwa siku, safu G. Yote miwili iko kwa kipimo kimoja, kwenye mhimili mmoja, na nafasi iliyo kati ya mistari ndiyo maji yaliyopotea. Ndiyo maana sichori mstari wa asilimia ya upotevu peke yake. Asilimia inaweza kupanda kwa sababu pampu imeongeza kazi, au kwa sababu mauzo yameshuka, na mstari mmoja wa asilimia hauwezi kukuambia ni ipi. Mistari miwili inakuambia. Julai ilikuwa 57 na 46. Agosti 58 na 46. Septemba 60 na 42. Wa juu umepanda kidogo, wa chini umeshuka, na nafasi katikati imetoka uniti 11 hadi 18 kwa siku. Uniti 18 ni ndoo 900 kila siku. Kwa siku 30 ni uniti 540, na kwa bei ya shilingi 2,000 ni shilingi 1,080,000. Namba hiyo ya fedha iandike kwenye karatasi, chini ya grafu, kwa sababu wajumbe wengi wanapima uzito wa jambo kwa shilingi.

Kwa nini miezi 13, wakati wengi huchora 12? Kwa sababu ukichora 13, Septemba ya mwaka jana inaonekana upande wa kushoto kabisa, na Septemba ya mwaka huu upande wa kulia. Matumizi ya maji kijijini yanafuata mvua. Masika watu wanakinga maji ya bati, kiangazi wote wanarudi kwenye kilula. Ukilinganisha Septemba na Mei utafurahia mauzo ambayo ni ya msimu tu.

Mhimili wa wima uanzie sifuri. Bofya kitufe cha kulia juu ya mhimili, chagua Format Axis, andika 0 kwenye Minimum, na kwenye Maximum andika namba isiyobadilika, kwa mfano 80. Ukiuacha mhimili ujipangie, namba zinapokaribiana Excel inaweza kuanzia 40 au 50, na nafasi ndogo kati ya mistari itaonekana korongo. Ukianzia sifuri, nafasi ikichukua theluthi ya urefu wa mstari wa juu, ni kweli theluthi ya maji imepotea. Ukishaufunga upande wa juu kwenye 80, karatasi ya Septemba na ya Oktoba zinaweza kuwekwa pamoja mezani na jicho likalinganisha bila kudanganywa. Majina ya mistari yaandike kandokando ya mistari yenyewe, PAMPU na VILULA, ufute kisanduku cha maelezo ya rangi ambacho programu hukiweka. Kwenye fotokopi kisanduku hicho hakina maana tena.

Na ile #N/A tuliyoiweka kwenye Takwimu inarudi kusaidia hapa. Mwezi usio na usomaji hauchorwi kuwa sifuri. Ungetumia alama mbili tupu za kufungia maneno, Excel ingeuangusha mstari hadi chini kabisa, kana kwamba kijiji kizima kilikosa maji mwezi ule.

Grafu ya chini ni nguzo za vilula 12, uniti kwa siku, Agosti na Septemba kando kwa kando. Zipange kwa mfuatano wa bomba kutoka kwenye tangi, wala usizipange kwa ukubwa wa mauzo. Zikikaa kwa mpangilio wa bomba, tatizo la tawi moja linaonekana kama nguzo jirani zilizoinama pamoja. Katika mfano wetu kilula cha 7 kimeshuka kutoka uniti 4 hadi 2.2 kwa siku, na cha 8 kutoka 3.8 hadi 1.9. Vingine viko palepale au vimetikisika kidogo. Uniti 4 zilizopungua kwenye mauzo yote ya siku, karibu zote zimetoka kwenye vilula hivi viwili, na vyote viko tawi moja.

Kamati inaweza kufikiri sasa. Kilula kimoja peke yake kingeshuka, huku pampu ikisukuma vilevile, tungeshuku mita iliyokwama au mhudumu asiyeandika. Lakini hapa viwili vya tawi moja vimeshuka pamoja, na pampu imeongeza kazi. Hiyo ni sura ya bomba linalovuja kabla ya kufika kwenye vilula hivyo: maji yanatoka tangini, nguvu ya maji kule mwisho inapungua, wananchi wanachota taratibu au wanahama. Fundi apewe kazi mahususi ya kulithibitisha. Afunge vilula vyote usiku, afunge na pampu, aweke alama ya kiwango cha maji kwenye tangi, aone asubuhi kimeshuka kiasi gani. Usiku unaofuata arudie akiwa amefunga na valvu ya tawi lile. Kiwango kisiposhuka tena, mvujo uko kwenye tawi hilo.

Grafu haiwezi kuyajua yote, na katibu lazima awe mkweli juu ya hilo. Upotevu unajumuisha maji ya kuosha tangi, maji ambayo kamati yenyewe imeamua shule ipate bure, na mita kuukuu zinazosoma kidogo kuliko zinachopitisha. Kama shule inapata bure, ifungiwe mita na uniti zake ziongezwe kwenye safu E, ili maji hayo yasomeke kuwa yaliyotumika, hata kama hayajalipiwa. Vinginevyo kamati itaendelea kumlaumu fundi kwa maji ambayo iliyagawa yenyewe.

Mistari mitatu ya maneno chini ya ukurasa iandikwe na mtu, usiiachie fomula. Wa kwanza unasema kilichotokea: upotevu umefika asilimia 30, tawi la vilula 7 na 8. Wa pili unasema kilichokwisha kufanyika. Wa tatu unasema kamati inaombwa kuamua nini, pamoja na kiasi cha fedha. Katibu akikosa la kuandika kwenye mstari wa tatu, taarifa ile ingetosha kutumwa kwenye WhatsApp.

Kuhusu kuchapa, sitakawia. Katika Excel nenda Page Layout, chagua eneo lako kwa Print Area, kisha kwenye Scale to Fit weka upana ukurasa 1 na urefu ukurasa 1. Ila usilitumie hilo kubana vitu kumi na mbili ndani ya karatasi. Maandishi yakiwa madogo kiasi cha mzee wa miaka 60 kushindwa kuyasoma kwa mwanga wa ofisi ya kijiji, punguza vipimo, usipunguze herufi. Hifadhi nakala ya PDF ya kila mwezi yenye jina la mwezi, ili mtu akirekebisha usomaji wa zamani, kilichoonyeshwa kikaoni kibaki kama kilivyokuwa.

Jambo jingine linaloharibu faili hizi polepole ni kunakili na kubandika. Kila unapobandika kisanduku juu ya jedwali, kanuni za rangi nazo hubandikwa, zinagawanyika vipandevipande, na baada ya miezi kadhaa mstari mmoja unaacha kuwaka bila sababu unayoiona. Fungua Conditional Formatting, kisha Manage Rules, uchague kuonyesha kanuni za ukurasa mzima. Tuliandika tatu, na kila moja pale kwenye Applies to iseme $A$5:$F$9. Ukikuta tisa au kumi na tano, futa zote uandike zile tatu upya, ni kazi ya dakika chache. Na siku zote ukibandika, tumia Paste Special, kisha Values.

Tuseme basi fundi amethibitisha mvujo, kamati imetoa fedha, na bomba limezibwa tarehe 9 Oktoba. Mwisho wa mwezi karatasi inakuja na upotevu wa asilimia 23, njano. Atatokea mjumbe wa kusema, «Katibu, fedha tumetoa, mbona bado ni njano?» Jibu liko kwenye hesabu ya siku. Oktoba ina siku 9 za kuvuja na siku 22 za bomba zima, na kipimo cha mwezi ni wastani wa zote. Kama katika siku zile 22 pampu inasukuma uniti 58 na vilula vinauza 46, upotevu wa baada ya kuziba ni asilimia 20.7, uleule wa Agosti. Katibu aiandike tarehe 9 Oktoba kwenye mstari wa maneno, na kwa mwezi huo mmoja amwombe fundi asome mita zote kwa pamoja jioni ya siku ya matengenezo, ili hesabu ya siku 22 isiwe ya kukisia. Novemba itakapokuja ikiwa bado na asilimia 20.7, itabaki njano, kwa kuwa lengo ni 20. Hapo swali la kamati litakuwa jingine kabisa: kama mita za vilula zinasoma sawasawa, na kama kununua mita moja mpya ya majaribio kutagharimu chini ya kile kinachopotea.